Mgodi, Supamaketi na Benki Chini ya Mwavuli Mmoja: Kundi Liwekwe Fungu Gani?

Tuchukue kundi la makampuni la kufikirika lenye makao yake Upper Hill, Nairobi, linalomiliki mgodi, msururu wa supamaketi na benki. Kwa mwaka huingiza shilingi bilioni 80: supamaketi huleta 50, mgodi 20 na benki 10. Mchambuzi anayefuata GICS, mfumo wa kuyapanga makampuni katika sekta ulioanzishwa na MSCI na S&P mwaka 1999 kwa ajili ya wawekezaji, ataanza na mapato, kwa kuwa shughuli inayoleta zaidi ya asilimia 60 ya mapato ndiyo kwa kawaida huamua fungu la kampuni. Supamaketi zina asilimia 62.5. Kwake yeye, kundi hili ni la biashara ya rejareja.

Mtakwimu anayefuata ISIC, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha shughuli za kiuchumi, hafiki hapo, kwani kipimo chake ni ongezeko la thamani, yaani kinachobaki baada ya kuondoa gharama za bidhaa na huduma zilizonunuliwa kwa wengine. Supamaketi huuza kwa bilioni 50, lakini unga, sabuni, umeme na usafirishaji vimekwisha kula 44, hivyo zinabakiwa na 6. Mgodi hutumia 7 na kubakiwa na 13. Benki, baada ya kutoa riba inayolipwa kwa wenye amana na gharama nyingine, tuseme inabakiwa na 5. Kati ya jumla ya bilioni 24, mgodi una asilimia 54, na kundi lile lile sasa ni la uchimbaji madini.

Hesabu hii ina mtego. Ongezeko la thamani lisipopatikana, mwongozo unaruhusu kipimo mbadala, mathalani mauzo au idadi ya wafanyakazi. Supamaketi huajiri watu wengi kuliko mgodi wenye mitambo mikubwa, kwa hiyo karani aliyekosa takwimu za gharama atalirudisha kundi kwenye rejareja, ingawa ndani yake hakuna kilichobadilika. Anayesoma jedwali hana budi kuuliza ni kipimo kipi kilichotumika.

Wanaotetea fungu moja wana hoja nzito. Fahirisi ya hisa haiwezi kuihesabu kampuni moja mara tatu, na mwekezaji anahitaji kampuni nyingine za kuilinganisha nazo. Soko la Hisa la Nairobi lenyewe limeiweka Safaricom katika mawasiliano, ijapokuwa M-Pesa huleta zaidi ya theluthi moja ya mapato yake ya huduma, na wafanyabiashara wa hisa hawapotei njia kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, ninapoligeukia kundi letu, mizania yake inanizuia kuridhika na jina la rejareja. Mali yake yote ni bilioni 180, na 120 kati ya hizo ziko benki, ambako amana za wateja ni bilioni 95. Ukililinganisha na wauza rejareja, litaonekana limezama katika madeni kupita kiasi, kumbe sehemu kubwa ya madeni hayo ni amana, ambazo kwa benki ni jambo la kila siku. Kosa la kinyume ni baya zaidi: jina la rejareja likimfanya msomaji asiitazame mikopo isiyolipwa, hatari kubwa kuliko zote katika kundi itakuwa imefichwa na rafu za unga. Benki Kuu ya Kenya huisimamia benki yenyewe hata kundi likiitwa nini, lakini mwenye hisa hana msimamizi wa kumsomea mizania.

Wapo wanaopendekeza fungu la kampuni mseto. GICS inalo, lakini kwa zile zilizoenea katika sekta tatu au zaidi bila yoyote kuleta sehemu kubwa zaidi ya nusu ya mapato au faida. Kundi letu halifuzu. ISIC haina fungu hilo kabisa. Kwake, kampuni za kundi zikitenganishwa, kampuni mama inayoshika hisa tu huingia katika msimbo 6420 wa toleo la nne, na ile inayosimamia kampuni tanzu na kupanga mikakati yao huingia katika 7010, huku mgodi, supamaketi na benki zikihesabiwa kila moja mahali pake.

Naona njia hii ya kugawanya ndiyo sahihi kwa takwimu za taifa, kwa sababu pato la madini lisipohesabiwa katika madini, mchango wa sekta hiyo utapungua kwenye karatasi tu. Kwa mwekezaji, naafiki fungu moja la rejareja mradi uchambuzi uanze na maelezo ya sehemu za biashara ambayo kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha cha IFRS 8 huyataka katika hesabu za kampuni zilizoorodheshwa. Humo benki itaonekana peke yake, ikiwa na mapato, faida na, menejimenti ikizipitia takwimu hizo, mali zake pia.

Bei ya madini nayo hupanda na kushuka, na mwaka mmoja wa bei duni unaweza kuutoa mgodi kwenye nafasi ya kwanza. Ndiyo maana ISIC hushauri shughuli mpya iizidi ile ya awali kwa miaka miwili kabla ya fungu kubadilishwa.