Yale maji si ya kujazia bika

Juzi mpwa wangu wa kidato cha nne kaniletea daftari la praktiko nimsaidie kuchora grafu. Jaribio ni lile lile la miaka nenda rudi: unachora X kwenye karatasi, unaweka bika juu yake, unamimina sodiamu thiosalfeti, kisha asidi ya haidrokloriki, unahesabu sekunde mpaka X isionekane tena.

Nikamuuliza, "Hapa kwenye mililita 20 za thiosalfeti mliongeza maji kiasi gani?"

"Hatukuongeza, mjomba. Mwalimu alisema maji hayamenyuki, tutapoteza muda bure."

Ikabidi ninywe maji mimi.

Kweli, hayamenyuki. Lakini ndiyo yanayopunguza mkolezo! Ukimimina mililita 20 badala ya 50 bila maji, mkolezo unabaki karibu ule ule. Chai ya kikombeni haipungui sukari kwa kuwa imetoka kwenye birika.

Sasa sikia balaa lenyewe. X haipotei kwa sababu mmenyuko umekwisha. Inapotea kwa sababu chembe za salfa zimejaa kati ya jicho lako na karatasi. Kina kikiwa kifupi, jicho linapita kwenye salfa kidogo, kwa hiyo X inachelewa kuzibwa. Darasa zima likaona sekunde zinaongezeka, likaandika "mkolezo ukipungua, kasi hupungua", likapewa vema. Hongereni, mmepima kina cha bika.

Inavyotakiwa, thiosalfeti na maji vifike mililita 50 kila mara: 50 bila maji, 40 na maji 10, hivyo hivyo hadi 10 na maji 40. Asidi ni 5 tu, haibadiliki, na bika ni lile lile, limeoshwa vizuri. Ikiwa ya kwanza imechukua sekunde 20, ya mililita 25 itachukua kama 40, na ya 10 kama 100. Zidisha mililita kwa sekunde: kila mara utazunguka 1000. Ukikuta 1000 kamili safu nzima, hizo zimepikwa.

Halijoto nayo ichungwe, maana nyuzi 10 za ziada hukata muda karibu nusu. Chupa iliyokaa dirishani juani inatosha kukuharibia. Eneo la uso halina kazi hapa, vimiminika vyote viwili. Hilo muulize anayewasha jiko kwa vibanzi badala ya gogo.

Haya, nakubali shingo upande: saa moja kwa wanafunzi arobaini, kengele inakaribia kugonga, mwalimu naye ni binadamu. Ila kumimina maji kunachukua sekunde ngapi?

Nimemwambia binti achore grafu kama ilivyo, kisha pembeni aandike ujazo wote wa kila bika, asidi ikiwemo: 55, 45, 35, 25, 15. Daftari limerudi shuleni Jumatatu. Nasubiri kalamu nyekundu.