Muda huru wa kuomba ruhusa

Kundi la ukoo limefufuka. Juzi usiku Shangazi aliandika, "Wapendwa, likizo ya mwaka huu tunaenda wapi?" Naamka asubuhi nakuta jumbe 87, na mahali palipokubaliwa hakuna. Nikaikumbuka likizo iliyopita, damu ikanichemka upya.

Tulikuwa watu 19 kwenye nyumba moja ya kukodi kwa siku saba, kuanzia Bibi mwenye miaka 81 hadi kichanga cha miezi minane. Binamu yangu mmoja, mtu wa moyo safi kabisa, alibandika ratiba kwenye mlango wa jokofu. Kila siku jambo la pamoja asubuhi, jingine jioni. Katikati, saa nane hadi saa kumi, aliandika kwa wino wa kijani: MUDA HURU. Hata wafungwa hutolewa uani wakaota jua.

Siku ya pili tulitakiwa kuondoka saa tatu kwenda kwenye maporomoko. Tuliondoka saa tano na nusu. Wengine walisema ni uvivu, lakini mimi nilikaa kibarazani nikitazama, na uvivu sikuuona. Bafu zilikuwa mbili. Watu 19, kila mmoja dakika kumi tu, hapo imeshapita saa moja na nusu hata pasiwe na mtu wa kujitazama kwenye kioo. Mjomba alipotoka bafuni, kichanga kilikuwa kimelala na mama yake hataki kiamshwe. Kilipoamka, Bibi alikuwa amechoka kungoja, amerudi kujinyoosha. Msafara mmoja huenda kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa, na kwetu aliye nyuma alibadilika kila nusu saa.

Kwa hiyo naomba siku mbili za pamoja, basi. Ya tatu na ya sita. Siku ya kwanza na ya pili watu bado wana uchovu wa safari, na ya saba kila mtu yuko juu ya begi anagombana na zipu. Kila siku ya pamoja iwe na jambo moja, saa nne hadi saa nane mchana, na ijulikane wiki kadhaa kabla. Siku nyingine kinachotukutanisha ni chakula cha jioni. Asiyekuja aseme kabla ya adhuhuri ili wapishi wajue idadi.

Lakini siku huru iwe huru kweli! Siku ya nne nilisema nabaki nyumbani kusoma. Zilikuja jumbe tatu za usuluhishi mlangoni kwangu, moja baada ya nyingine. "Umekasirika? Nani kakukosea?" Hakuna aliyenikosea jamani, nina kitabu.

Na uhuru bila ufunguo wa gari ni maneno matupu. Mpwa wangu anapenda ndege, na ndege huwataka watu saa kumi na moja alfajiri. Magari yalikuwa matatu, yote yakingoja msafara. Wiki nzima akaangalia kunguru wa uani. Gari moja lingebaki nyumbani kwa dharura, na mengine mawili mtu angejiandikisha usiku uliotangulia, nani analichukua na analirudisha saa ngapi. Karatasi ya kazi hiyo ilikuwapo pale pale kwenye jokofu.

Halafu kuna wifi yangu mwenye watoto watatu wadogo. Muda wake huru ulikuwa kubadilisha nepi kwenye chumba kingine. Wazazi wa watoto wadogo hawapati mapumziko mpaka wapeane zamu: familia hii inachukua watoto wote asubuhi, ile nyingine mchana, siku inayofuata wanabadilishana. Na msimtwike Bibi. Alipoletewa watoto wanne kwa mpigo alisema, "Mimi wangu nilishalea," akafunga mlango.

Haya, nakubali, ingawa kwa shingo upande: pale kwenye maporomoko Bibi alipandisha gauni, akaingiza miguu majini, akacheka mpaka vijana wakaweka simu mfukoni. Tungekuwa tumetawanyika, nisingeliona lile. Ndiyo maana nimesema mbili, sikusema sifuri.

Fedha mkubaliane kabla ya kulipa amana kama ni kwa kichwa au kwa chumba. Picha ya ukoo ipigwe siku ya tatu, nguo nzuri zikiwa bado safi.

Jana nimemjibu Shangazi: "Shikamoo Shangazi. Tuweke sehemu mbili tu, kura zifungwe Ijumaa saa tatu usiku, asiyepiga ameridhika." Kufikia jioni kura zilikuwa 14. Binamu naye akaandika kwamba ameshaanza ratiba. Muda huru safari hii utakuwa wa zambarau.