Farasi wangu alivyogandia katikati ya ubao

Binti wa dada yangu mimi ndiye niliyemfundisha jinsi farasi anavyoruka kwenye sataranji. Nalitaja hilo mapema ili aibu inayofuata ieleweke vizuri.

Yeye alishika weupe. Akasogeza askari e4, nami e5. Akatoa farasi f3. Badala ya kumlinda askari wangu, nami nikatoa farasi f6 na kumtishia wake. Huo ni ufunguzi wa Petrov, na niliutangaza kwa sauti ili ajue anacheza na nani. Akala e5. Nikasogeza d6 kumfukuza farasi wake, akarudi f3, ndipo nikala e4. Mpaka hapo nilikuwa sahihi kabisa, tena nikanyoosha mgongo.

Akaleta farasi wa pili c3, akamgusa wangu pale e4. Mimi nikakumbuka mawaidha yote niliyompa: toa vipande vyako, linda kilichotishiwa. Askofu akienda f5 anafanya yote mawili kwa hatua moja! Nikamweka pale kwa madaha.

Hakufikiri hata kidogo. Alisogeza malkia mraba mmoja tu kimshazari, e2.

"Malkia anatoka mapema hivyo?" nikamuuliza kwa huruma ya mwalimu.

"Cheza tu, Mjomba."

Nikamshika farasi nimrudishe f6. Akanizuia mkono. "Hawezi kuondoka. Nyuma yake kuna mfalme."

Nikatazama. Askari wote wa mstari wa e walikuwa wameshaliwa, wake na wangu. Mstari ulikuwa wazi tangu kwa malkia wake mpaka kwa mfalme wangu, na kitu pekee kilichosimama katikati ni farasi wangu, ambaye sheria haimruhusu hata kupepesa jicho.

"Si kitu," nikasema, "askofu anamlinda."

Hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa umejificha. Ulinzi wa askofu unasaidia iwapo anayekuja kula ni malkia au farasi, kwa sababu tutalipizana. Lakini yeye alikuwa anajiandaa kusogeza askari d3. Askari akimla farasi, hata nikimlipiza nitakuwa nimempata askari tu. Farasi anayeweza kukimbia hamwogopi askari, ila wangu alikuwa amebanwa.

Nikajaribu ujanja: malkia e7, awe ngao kati ya farasi na mfalme. Akaruka na farasi wake kutoka c3 hadi d5, akamtishia malkia wangu, na papo hapo akawa anaichungulia c7. Nikimpeleka malkia e6 abaki kwenye mstari, farasi anakula c7 na kuwashika mfalme na malkia kwa mpigo. Nikimpeleka e5, farasi wa f3 anamla, nami nitakuwa nimepata farasi tu badala ya malkia. Ikabidi nirudi d7 kuilinda c7, mstari ukafunguka tena, naye akasogeza d3 taratibu kama anayefunga mlango. Farasi akaliwa, na askari aliyemla akatua e4 akimkodolea macho askofu wangu.

Baadaye tulirudisha vipande mpaka pale farasi wake alipofika c3. Akaniambia nimle tu huyo farasi. Yeye atamlipiza kwa askari wa d, mimi nitoe askofu e7 na kumficha mfalme kwa kubadilishana na ngome, mchezo uendelee. Kumrudisha farasi f6 pia kunafaa, maana muda huo bado hajabanwa. Nikauliza kuhusu d5, nimlinde kwa askari. Akatikisa kichwa: malkia bado atakuja e2, na nitapoteza askari.

Tangu siku hiyo, mstari wa e ukifunguka na mfalme wangu akiwa hajaondoka, mkono wangu haugusi askofu kabla sijajiuliza malkia wake akija e2 itakuwaje, na kama kuna askari anayeweza kumfikia kipande changu kilichosimama mbele ya mfalme. Kuhesabu walinzi hakunitoshi tena.

Ili kunifariji alinionyesha mchezo wa mwaka 1988, Biel, Uswisi. Viswanathan Anand, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alikuwa na weusi dhidi ya Alonso Zapata wa Kolombia. Hatua zilikuwa zilezile, mpaka askofu f5 na malkia e2.

"Kumbe!" nikasema, kifua kikinirudia. "Basi mimi na Anand tumecheza sawasawa."

"Hapana, Mjomba. Anand alipoona malkia e2 alikubali kushindwa palepale. Wewe umeendelea mpaka mfalme wako akabaki peke yake."