Sarufi haijapotea

Mtu akipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, akabaki akisema "mtoto... chai... moto...", wengi husema kapoteza sarufi. Hata mimi niliamini hivyo. Siku hizi nadhani kauli hiyo ina kosa.

Iliyowafanya wataalamu waiamini ni kazi ya Caramazza na Zurif ya mwaka 1976. Wagonjwa wenye afasia ya Broca, yaani hao wanaosema kwa maneno ya mkato, walisomewa sentensi, kisha wakachagua picha inayofanana nayo. Kwa sentensi kama "tufaha ambalo mvulana analila ni jekundu" walifanya vizuri, maana tufaha halili mtu. Ila kwa "mvulana ambaye msichana anamfukuza ni mrefu", walikuwa kama wanaobahatisha. Nani anamfukuza nani? Akili ya kawaida haisaidii hapo, inahitajika sarufi. (Hata kwa Kiswahili upatanisho ungetutupa mkono: msichana na mvulana wote ni ngeli moja.) Basi ikaonekana sarufi yenyewe imekufa.

Mwaka 1983 Linebarger, Schwartz na Saffran wakauliza swali jingine. Hawakuwaambia wagonjwa waeleze maana. Waliwauliza tu kama sentensi imekaa sawa. Chukua mfano wa "mvulana alifuatwa msichana" badala ya "alifuatwa na msichana". Wagonjwa wanne, wale wale wasioelewa nani kamfuata nani, makosa mengi ya namna hii waliyanasa. Palipowashinda zaidi ni pale neno lilipopaswa kupatana na jingine lililotangulia, kama kiwakilishi na mtu wake. Kwangu mimi jibu hili ni zito. Huwezi kusikia kasoro ya kanuni usiyoijua. Kanuni zimo, kinachokwama ni kuzitumia kwa wakati, na kuziunganisha na nani katenda na nani katendwa.

Na hata panapovunjika, hapavunjiki pote. Friedmann na Grodzinsky walieleza mwaka 1997 habari za mgonjwa mmoja, msemaji wa Kiebrania. Katika lugha hiyo kitenzi kimoja hubeba njeo, yaani wakati wa tendo, na upatanisho pamoja. Huyu mama alikosea njeo mara nyingi, lakini upatanisho wa nafsi, idadi na jinsia ulibaki karibu mzima. Wao walisema sarufi ni kama mti, na njeo iko juu ya upatanisho. Ukikatwa pale, vya chini vinasalimika. Mti huo umebishaniwa sana, na si wagonjwa wote wa lugha nyingine waliofuata mkondo huo. Ila kutengana kwenyewe kunanitosha: viungo viwili ndani ya neno moja, kimoja kimeumia, kingine kizima.

Ndiyo maana Kiswahili kinanitia hamu. Sisi tunavipanga wazi, a- kisha -li- kisha -pika. Kama dai lao ni kweli, mgonjwa wetu angesema "jana mtoto atapika", asiseme "jana mtoto walipika".