Kabla ya kutuma, tafuta "bali"

Mtangazaji mmoja wa redio hapa Bukavu alinipigia simu saa moja asubuhi, dakika chache kabla ya kusoma maandishi yangu hewani. "Dada, hii 'katika mfumo wa' ni ya nini? Nimeihesabu mara saba kwa kurasa tatu." Nilitaka kumkatalia, maana ripoti ile nilikuwa nimeiandika upya mara mbili. Ilitoka kwa chama kimoja kinachotengeneza robine za maji Kadutu, ikiwa imejaa lugha ya ofisini, na mimi niliketi nayo siku mbili kuigeuza Kiswahili cha watu. Nilifungua kompyuta nikatafuta. Zilikuwa saba kweli, na tatu kati ya hizo niliziweka mimi mwenyewe.

Tangu siku ile sitaki kusikia mtu akisema kwamba kusoma tena kwa macho kunatosha. Macho ya aliyeandika yanasoma alichokusudia. Na sisi wa huku tuna shida ya ziada: "katika mfumo wa", "kwa kiwango cha" na "kuhusu swala la" ni Kifaransa cha ofisini kilichovaa kitenge, na tumezisikia kwenye mikutano mpaka hatuzioni tena. Mtu anaandika "kwa kiwango cha soko la Kadutu" wakati angeweza kusema "sokoni Kadutu", na hajui kwamba ameandika jambo la ajabu.

Kwa hiyo naona kazi ya kutafuta mabaki ya lugha hiyo ya ofisini ifanywe peke yake, baada ya maandishi kuisha, mtu akiwa hana nia ya kuboresha kitu kingine. Ukitafuta huku bado unaandika, utasafisha aya ambayo baada ya nusu saa utaifuta.

Sasa, wengi wanaojaribu wanakosea mahali pamoja: wanatafuta neno zima. Kiswahili hakikubali hivyo, kwa sababu neno linabeba mambo mbele na nyuma. Ukiandika "kuimarisha" kwenye kisanduku cha kutafuta, kompyuta itakuletea hilo tu, huku "limeimarisha", "zinaimarishwa" na "uimarishaji" zikikaa kimya. Andika "imari", utazipata zote, pamoja na "kuimarika". Kata neno mpaka kwenye mzizi, halafu simama kabla mzizi haujawa mfupi mno. "Patikan" inakupa "upatikanaji" na "yanapatikana", lakini ukikata mpaka "pat" utaletewa nusu ya ripoti.

Mifumo ya sentensi inajificha zaidi kuliko maneno. Chukua ule wa "si tu hivi, bali pia vile", ambao ripoti za vyama zinaupenda kama chai ya asubuhi. Ukitafuta "si tu" utakosa "sio tu" na "siyo tu". Hata ukizitafuta zote tatu utakosa "haikuleta maji tu", kwa sababu hapo ukanushi umeingia ndani ya kitenzi. Kinachobaki vilevile kila mara ni mkia wake, "bali". Lakini usitafute "bali" hivihivi, maana itakuletea kila "mbali" na kila "mbalimbali". Chagua neno zima kwenye dirisha la kutafuta, au kama unaandika kwenye faili la maandishi matupu kama mimi, tumia amri hii ya kutafuta kwenye terminal:

```
grep -n -i -w 'bali' ripoti.txt
```

Kile `-w` ndicho kinachozuia "mbali" isiingie, `-n` inakupa namba ya mstari, na `-i` haijali herufi kubwa wala ndogo. Kwenye ripoti ya robine nilipata tano. Mbili niliziacha, kwa kuwa zilikuwa zinasahihisha jambo ambalo watu wa mtaa waliliamini kweli. Tatu hazikusahihisha chochote. Zilikuwa zinavuta pumzi tu.

Adui wangu mkubwa ni majina marefu ya vitendo: upatikanaji, uhamasishaji, utekelezaji, usimamiaji. Yakikutana mawili katika sentensi moja, mtu aliyefanya kazi anatoweka. Haya yana umbo moja, kwa hiyo yanatafutika kwa pamoja:

```
grep -n -o -i -w -E 'u\w+aji' ripoti.txt
```

Nilipata kumi na tisa. Manne yalikuwa "unahitaji", ambalo ni kitenzi cha kawaida lililofanana umbo tu, nikayapita. Yaliyobaki niliyatazama moja moja. Sentensi iliyonichoma ilikuwa hii: "Katika mfumo wa kuimarisha upatikanaji wa maji, chama kilifanya zoezi la ukarabati wa robine tatu kwa kiwango cha Kadutu." Hapo kuna mabaki matano, na habari yenyewe ni robine tatu. Ikawa: "Chama kimetengeneza robine tatu Kadutu, na maji yanatoka tena." Mtangazaji anaisoma kwa pumzi moja.

Kuna wanaobofya "badilisha zote" ili wamalize haraka. Mimi nilifanya hivyo mara moja: niligeuza "mpango" kuwa "kazi" katika ripoti nzima, na ikabaki "kazi huo ulianza mwezi wa tatu". Kosa hilo ni hatari kwetu kuliko kwa watu wa pwani, kwa sababu mitaani Bukavu tunasema "ile kazi ilianza" na "ile mupango ilianza" bila kujali sana ngeli, na jicho letu linapita juu ya "kazi huo" bila kushtuka. Msikilizaji wa redio, ambaye anataka Kiswahili bora kutoka hewani, atashtuka. Siku hizi nikibadilisha jina natafuta pia vipatanishi vya ngeli ya zamani: "huo", "huu", "wake", "uli". Ni kazi ya kuchosha, na sijapata njia ya mkato.

Maneno ya watu waliohojiwa siyagusi. Mama mmoja alisema "tunaishi katika hali ngumu", na ndani ya ripoti yangu "katika hali" ilikuwa kwenye orodha ya vya kufutwa. Lakini hayo ni maneno yake. Vivyo hivyo "wakimbizi wa ndani": limechoka, ndiyo, ila lina maana yake kamili, na ukiweka "watu waliokimbia" umebadilisha habari.

Jambo la mwisho nililojifunza kwa aibu ni kutafuta mara ya pili, na safari hii kutafuta dawa uliyotumia. Nilipoondoa zile "katika mfumo wa" saba, nilikuwa naziba kila pengo kwa "ili". Nikatafuta `Ili` yenye herufi kubwa, neno zima na bila `-i`, nikakuta aya nne zinaanza nayo, mbili zikifuatana. Kipimo changu hapo si idadi, ni umbali: nne katika kurasa tatu zingepita kama zingekaa mbalimbali. Hizo mbili za jirani niligeuza moja, nyingine nikaiacha.

Wingi wa maneno matatumatatu, kama "amani, umoja na maendeleo", kompyuta haiwezi kunisaidia, kwa sababu "na" iko kila mahali. Hayo nayasikia tu nikisoma kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa ili watoto wasicheke.

Ripoti ile iliyosafishwa niliituma saa kumi na mbili jioni, umeme ukiwa bado upo. Mtangazaji alipiga simu asubuhi yake. Alitaka kujua robine ya tatu iko upande gani wa soko.