Fundi hajazembea, amepiga hesabu

Kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa kuna mzee mwenye karakana ya samani, mtu mwungwana tu, ila wiki iliyopita alinipandisha presha. Aliandika kwamba alimwongezea fundi wake malipo ya kutwa kutoka 20,000 hadi 25,000, na badala ya shukrani jamaa akapunguza siku za kuja kazini. Alikuwa akifanya siku 24 kwa mwezi, sasa anafanya 22. "Ndiyo maana nchi haiendelei," akamalizia, "mtu mweusi ukimpa hela anaenda kulala." Zikamiminika dole gumba, na wengine wakaongeza visa vyao vya dada wa kazi na walinzi.

Sikujibu pale, maana kundi lile ni la taarifa za maji na misiba. Najibia hapa.

Kwanza twende na namba zake mwenyewe, kwa sababu nina hakika hakuzipigia hesabu. Siku 24 kwa 20,000 ni 480,000. Siku 22 kwa 25,000 ni 550,000. Kwa hiyo fundi amepata nyongeza ya 70,000 kwa mwezi na siku mbili za kwake. Huyo ndiye mnayesema hajui maisha?

Wachumi wana jina la jambo hili tangu zamani: mstari wa ugavi wa kazi unaopinda kurudi nyuma. Malipo yakianza kupanda kutoka chini watu huongeza kazi, hadi ifike mahali ambapo nyongeza nyingine inawafanya wapunguze. Kilichomo ndani ya mpindo huo ni nguvu mbili zinazovutana kila malipo yanapopanda. Ya kwanza inamwambia fundi: sasa siku moja ya kukaa nyumbani inakugharimu 25,000, si 20,000 tena, basi nenda kazini. Hiyo ni athari ya ubadilishaji. Ya pili inamwambia: wewe si yule wa jana, kwa siku zilezile una hela zaidi, unaweza kujinunulia nafasi ya kupumua. Hiyo ni athari ya kipato. Zote mbili zinatoka kwenye nyongeza moja, siku moja, na sisi tunaona jumla yake tu. Mzee wetu ameona siku mbili zimepotea akadhani kuna nguvu moja, uvivu.

Namna ya kuzitenganisha ni hii, na naomba mnivumilie hapa, maana ndipo penye jambo lote. Chukua malipo mapya ya 25,000. Kama fundi angeendelea na siku zake 24 angepata 600,000, yaani 120,000 zaidi ya zamani. Sasa fikiria bosi anampa 25,000 kwa siku, lakini mwisho wa mwezi anamkata 120,000 kwa mkupuo, afanye kazi siku nyingi au chache. Fundi akitaka maisha yake ya zamani anayapata yaleyale: siku 24, mkononi 480,000. Hajatajirika. Kilichobadilika ni kwamba kila siku anayoongeza inamletea 25,000 na kila siku anayokosa inamtoa 25,000. Mtu wa namna hiyo hatapunguza siku. Akibadilisha chochote, ataongeza. Tuseme anaongeza mbili na kufika 26, yaani kila siku isipokuwa Jumapili. Anapata 650,000, anakatwa 120,000, anabaki na 530,000. Siku hizo mbili za kuongezeka ndizo athari ya ubadilishaji peke yake.

Halafu mrudishie ile 120,000. Malipo ya siku hayajabadilika, kilichoongezeka ni hela tu, na siku zake zinashuka kutoka 26 hadi 22. Hizo nne ndizo athari ya kipato. Ongeza mbili, toa nne, unapata zile mbili zilizomkera mzee. (Namba 26 nimeikadiria mimi. Mwajiri haioni mpaka aijaribu. Lakini 24 na 22 ni zake.)

Kwa hiyo nyongeza haikumfundisha fundi uvivu. Ile nguvu ya kumsukuma kazini ipo na inafanya kazi yake, ila imezidiwa na nyingine. Ingawa lazima nikiri, kwa shingo upande, kwamba kwa mwenye karakana hayo yote ni maneno. Ana oda ya vitanda, fundi hayupo, na mteja anapiga simu. Namwelewa.

Nisichomwelewa ni lile la "mtu mweusi", kwa sababu lina ukoo wake na ukoo huo naujua. Walowezi wa Kenya na wenye mashamba huku kwetu Tanganyika waliimba wimbo huohuo: Mwafrika ana mahitaji machache, anakuja kutafuta kiasi fulani cha fedha, akikipata anarudi kwao, kwa hiyo ukimlipa zaidi atakifikia mapema na kuondoka mapema. Dawa yake? Mlipe kidogo. Na pale ambapo malipo kidogo hayakumtoa nyumbani, mtoze kodi.

Hebu itazameni hiyo kodi sasa mkiwa na ile 120,000 kichwani. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia tatu. Waingereza nao wakatoza upande wa Kenya. Kodi ya nyumba au ya kichwa haiangalii umefanya kazi siku ngapi. Haigusi malipo ya siku. Inakata kwa mkupuo. Ni kile kipande cha hesabu tulichokitumia kwa kufikiria, wao wakakifanya kwa askari. Ukimnyang'anya mtu kipato bila kugusa malipo yake ya siku, athari ya kipato inageuka na kumsukuma kazini: yule wa siku 22 anarudi kuwa wa siku 26. Vitabu vya uchumi vinaiita kodi ya aina hii kodi isiyopotosha maamuzi. Waliotembea kwa miguu wiki nzima kwenda kukata mkonge ili wapate hela ya kodi nadhani wangekuwa na neno la kuongeza.

Na waliposema Mwafrika anafanya kazi kwa lengo, walisahau kutaja lengo hilo nani aliliweka. Mtu mwenye shamba lake la mihogo na mbuzi wawili hana haja ya rupia, mpaka aje mtoza kodi asiyepokea mihogo. Unamwekea mtu deni la fedha taslimu, anafanya kazi mpaka deni liishe, anarudi kulima, kisha unaandika ripoti kwamba kwa asili yake hana hamu ya kazi. Ndiyo akili ya manamba hiyo, na ya kile kipande, kadi ya siku 30 ambayo lazima ijae ndipo ulipwe. Kenya mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka, walowezi walikubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Ukiamini mstari umepinda, hata kukata mshahara kunaonekana ni busara: watakuja wengi zaidi. Walichokipata ni harakati za Harry Thuku za kupinga makato hayo, na mwaka uliofuata, alipokamatwa, watu wakapigwa risasi Nairobi wakidai aachiwe.

Turudi kwa fundi. Mfanyakazi wa kweli wa lengo, yule wa hadithi za walowezi, anapimika kirahisi. Angetaka 480,000 zake na basi. Kwa 25,000 kwa siku angezipata kwa siku 19 na ushee. Jamaa huyu amefanya 22 na kuondoka na 550,000. Kwa hiyo tazama jumla ya mapato, usitazame siku tu: mapato yakibaki palepale, hapo zungumza habari ya lengo, yakipanda huku siku zikishuka, umekutana na mtu wa kawaida anayegawa nyongeza yake sehemu mbili, hela kidogo na muda kidogo. Ulaya na Marekani wamefanya hivyo kwa zaidi ya karne moja, kutoka wiki za saa 60 hadi 40 hivi huku mishahara ikipanda. Sijasikia anayewaita wazembe.

Kuna watafiti waliodai mwaka 1997 kwamba madereva teksi wa New York huwahi kufunga siku zenye abiria wengi kwa sababu wametimiza hesabu ya siku. Mchumi Henry Farber akaja na takwimu nyingi zaidi akalipunguza sana dai hilo. Mjadala wa wenyewe, tuwaachie.

Jambo moja zaidi ambalo bosi wetu hakulitazama. Mpindo ni wa mtu mmoja mmoja. Lango la karakana halina mtu mmoja. Mchumi Elliot Berg aliliandika hili mwaka 1961 kuhusu Afrika hasa: hata kama kila mfanyakazi aliyepo anapunguza siku, malipo mazuri yanawaleta ambao hawakuwepo. Fundi wa ng'ambo ya barabara aliyekataa 20,000 huenda asikatae 25,000. Ukihesabu siku za fundi mmoja unaona mpindo, ukihesabu siku zote zinazopita langoni pako kwa malipo hayo unaweza kuona mstari unaopanda vizuri tu.

Na hizo siku mbili za fundi mnajua ziko wapi? Nadharia inaita mapumziko kila kisicholipwa na bosi. Kumpeleka mama kliniki ni mapumziko. Kupiga bati la nyumba yake mwenyewe ni mapumziko. Kuzika ni mapumziko.

Sasa, kama mzee anataka siku 26, njia ipo na ni halali. Alipe 20,000 mpaka siku ya 24, na kuanzia ya 25 alipe 25,000. Fundi akija siku 26 atapata 480,000 na 50,000 juu, jumla 530,000. Mmeiona namba hiyo? Ni ileile ya fundi aliyekatwa 120,000. Malipo ya ziada yanavuta siku kwa sababu yanampa bei mpya bila kumpa kipato kipya kwenye siku alizokuwa akifanya tangu awali. Kwa karakana hilo ni jambo zuri sana. Kwa fundi ni siku nne zaidi na 20,000 pungufu, ukilinganisha na alichonacho leo. Kwa hiyo mzee akitaka kurudi nyuma kutoka 25,000 ya siku zote, amwite fundi wakae wazungumze, amwambie hivyohivyo kwa namba, na asishangae jamaa akisema hapana.