Msiniandikie 13/15 peke yake

Nina ugomvi na barua za rufaa. Mgonjwa aliyeumia kichwa anafika Dodoma mjini usiku, katoka Bahi au Kongwa, na kwenye karatasi yake kuna mstari mmoja tu: GCS 13/15. Mimi naona mstari huo umeficha mengi kuliko uliyosema.

GCS, yaani Glasgow Coma Scale, ni kipimo cha kiwango cha fahamu kilichotolewa Glasgow mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kinaangalia mambo matatu: macho, yaani E, kwa alama 1 hadi 4, maneno, yaani V, 1 hadi 5, na mwitikio wa viungo, yaani M, 1 hadi 6. Ukijumlisha, mzima kabisa anapata 15 na aliye chini kabisa anapata 3, si sifuri. Kwa desturi, 13 hadi 15 huitwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, 8 kushuka chini ni kali, na hapo ndipo tunapofikiria kumwekea mrija wa hewa kwa sababu huenda hawezi tena kulinda njia yake ya hewa.

Tuchukue kijana aliyeanguka na bodaboda barabara ya Singida bila kofia. Kituo cha afya wanamkuta amefumba macho, akiitwa anafumbua: macho 3. Anaongea sentensi kamili ila anasema yuko Manyoni na ni asubuhi, kumbe jua linazama: maneno 4. Akiambiwa shika mkono wangu, kisha achia, anafanya vyote viwili: viungo 6. Jumla 13. (Hilo la "achia" lisirukwe. Mtu asiyejitambua anaweza kufumbata kidole chako bila kutii chochote.)

Baada ya nusu saa anapimwa tena. Sasa macho yako wazi yenyewe, 4. Anatamka neno mojamoja lisilo na mpangilio, 3. Amri hafuati, lakini ukimbana msuli kati ya shingo na bega anapandisha mkono hadi pale panapouma, 5. Jumla 12. Anayesoma jumla ataona imeshuka alama moja, atasema tusubiri. Anayesoma E4 V3 M5 baada ya E3 V4 M6 ataona kwamba macho yamefunika kuporomoka kwa maneno na viungo, na atampigia simu daktari wa zamu palepale. Viungo ndivyo vyenye uzito zaidi. Kushuka alama moja hapo kunatosha kutia shaka kwamba damu inakusanyika ndani ya fuvu. Mgonjwa huyu anahitaji picha ya CT na gari la rufaa, si kusubiri.

Kosa lingine ninaloliona ni kubana ukucha kwa kalamu na kuishia hapo. Ukibana ukucha, mkono utavutwa tu, utaandika 4. Lazima ubane juu, begani au kwenye ukingo wa mfupa juu ya jicho, ndipo ujue kama mkono unavuka mfupa wa mtulinga kuufuata uchungu. Na ikiwa mikono inatofautiana, alama ni ya ule uliofanya vizuri zaidi, lakini udhaifu wa mwingine uandikwe pembeni.

Kwenye maneno, huku kwetu kuna mtego wake. Mzee wa Mpwapwa anaulizwa kwa Kiswahili, anajibu kwa Kigogo, na muuguzi aliyehamia juzi anaandika 2, sauti zisizoeleweka. Mwite mwanawe aulize jina, mahali na mwezi. Huenda mzee ana 5 zake zote. Ila mwambie huyo mwana: "Nitafsirie alichosema, kama alivyosema." Ndugu wana huruma, baba akisema yuko zizini, utaletewa jibu kwamba yuko hospitali.

Ulevi nao usiwe jibu la haraka. Aliyekunywa wanzuki anaanguka na kuvuja damu kichwani kama mwingine yeyote. Mpime sukari, na mhesabu ana jeraha la ubongo mpaka ithibitike vinginevyo. Macho yakiwa yamevimba hayafunguki, au mrija uko kooni, usiandike 1; andika kwamba hapakupimika na sababu yake.

Basi barua ninayoitaka ni fupi vilevile: E3 V4 M6 saa 12:30 jioni, E4 V3 M5 saa 1:00 usiku, mboni sawa na zinaitikia mwanga, sukari imepimwa. Na njiani, nesi aliye kwenye gari aendelee kupima kila nusu saa na kuandika kwenye karatasi hiyohiyo.